Spika mbili, simu moja: kwa nini moja hubaki bubu, na jinsi ya kuujaza sauti ukumbi mkubwa

KALENGERA, Kivu Kaskazini – Kwenye barabara inayotoka Goma kuelekea Rutshuru, bidhaa nyingi za umeme huwafikia watu zikiwa ndani ya maboksi yaliyofungwa kwa utepe, juu ya pikipiki au chini ya kiti cha gari. Mojawapo ni spika ndogo ya Bluetooth, ile ambayo mjini Goma wengi huiita bafle. Moja inatosha sebuleni. Lakini ikifika harusi, matanga, mkutano wa wazazi shuleni au ibada kwenye ukumbi wa mbao wenye paa la bati, moja haitoshi, na wazo la kwanza la kila mtu ni kununua ya pili.

Hapo ndipo hela hupotea. Mtu anainunua ya pili, anairudisha nyumbani, anaiwasha na kuiunganisha na simu. Kwenye skrini majina ya spika zote mbili yanaonekana, na chini ya kila moja imeandikwa "Connected", au "Connecté" kama simu iko katika Kifaransa. Anabonyeza wimbo. Inaimba moja tu, nyingine iko kimya. Anaizima na kuiwasha, anarudia mara tano, halafu anaamua kwamba ameuziwa mbovu. Kumrudia muuzaji Goma ni nauli nyingine na siku nzima njiani, na muuzaji akiijaribu peke yake itaimba vizuri kabisa, kwa sababu kweli ni nzima.

Tangu benki za Goma zifunge milango Januari 2025, dola za kununulia kitu kama hicho ni zile zilizo mkononi. Kwa hiyo ni vizuri kuelewa jambo hili kabla ya kulipa.

Tatizo liko kwenye simu

Muziki unapotoka kwenye simu kwenda kwenye spika kwa Bluetooth, unafuata utaratibu uitwao A2DP, uliowekwa mwaka 2003. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja, yaani simu moja na kifaa kimoja cha kusikilizia. Simu inaweza kushikana mkono na vifaa viwili au zaidi kwa wakati mmoja, ndiyo maana unaona "Connected" mara mbili, lakini sauti yenyewe inapelekwa kwa kimoja tu, kile kilichochaguliwa. Ukigusa jina la pili, sauti inahama kutoka spika ya kwanza kwenda ya pili. Haigawanyiki.

Hivyo ndivyo zilivyo simu nyingi tulizo nazo mikononi huku: Tecno, Infinix, itel na nyinginezo. Vijana wanaojua kuchimba kwenye simu huingia sehemu ya siri ya mipangilio iitwayo "Developer options" na kuongeza namba kwenye "Maximum connected Bluetooth audio devices". Nimeona watu wakiuza ushauri huo kana kwamba ni dawa. Mpangilio huo unaongeza idadi ya vifaa vinavyoweza kushikana na simu, basi. Kinachoimba bado ni kimoja.

Kuna simu ambazo kweli hupeleka sauti kwa spika mbili. Samsung waliingiza uwezo huo, unaoitwa "Dual audio", kwenye Galaxy S8 mwaka 2017, na baadaye ukafika kwenye nyingi za simu zao nyingine. Unaunganisha spika zote mbili, unateremsha pazia la juu la skrini, unagusa "Media output", kisha unaweka alama kwenye majina yote mawili. Faida yake ni kwamba spika zinaweza kuwa za kampuni tofauti. Hasara yake tutaiona mbele kidogo, nayo si ndogo. Upande wa iPhone kuna kitu kinachofanana, lakini kimewekewa visikilizio vya AirPods na Beats, si spika yoyote uliyonunua sokoni.

Kwa asiye na Samsung, njia ya kuaminika ni kuacha simu ifanye kazi yake ya kawaida, yaani kumtumia mmoja, na kuzitafuta spika ambazo zenyewe zinajua kupokezana.

Spika zinazopokezana

Kwenye boksi la spika nyingi za bei ya chini utaona herufi tatu: TWS. Maana yake ni kwamba spika mbili za aina hiyo zinaweza kujiunga zenyewe kwa zenyewe. Moja inakuwa mkubwa, inapokea muziki kutoka kwenye simu. Ya pili inakuwa mdogo, inapokea kupitia kwa mkubwa. Simu haijui kwamba kuna spika mbili. Inaona jina moja tu kwenye orodha, na hiyo ndiyo dalili kwamba umefanya sawa.

Mpangilio wa hatua ndio unaowashinda wengi, kwa sababu wanaanza na simu. Simu huja mwisho. Kwanza ingia kwenye orodha ya Bluetooth ya simu na uzifute spika zote mbili, kwa kugusa "Forget" au "Unpair". Kwa Kifaransa ni "Oublier" au "Dissocier". Fanya hivyo pia kwenye simu ya mtoto, ya mke au ya jirani ikiwa iliwahi kuunganishwa, maana simu hiyo ikiwa karibu inaweza kuidaka spika mara tu inapowashwa. Halafu zima Bluetooth ya simu kabisa.

Sasa washa spika zote mbili na uziweke bega kwa bega. Kwenye moja tu, ile unayotaka iwe mkubwa, bonyeza kitufe cha TWS. Kama hakuna kitufe chenye jina hilo, kazi hiyo hufanywa na kitufe kingine, mara nyingi chenye herufi M, au chenye alama ya Bluetooth, au kile cha kucheza na kusimamisha wimbo. Baadhi hutaka kibonyezwe mara mbili haraka, nyingine hutaka kishikiliwe sekunde tatu hivi. Karatasi iliyo ndani ya boksi inaeleza, kwa hiyo usiitupe. Zikikutana utasikia mlio au sauti ya mwanamke ikisema zimeunganishwa, na taa ya moja itaacha kumeta huku ya nyingine ikiendelea kumeta taratibu. Inayometa ndiyo mkubwa, anasubiri simu. Hapo sasa washa Bluetooth ya simu, chagua jina hilo moja, na ucheze wimbo.

Zikikataa, sababu kubwa ni kwamba si ndugu. Sharti la TWS ni kwamba spika ziwe za modeli moja, kwa sababu lugha zinayotumia kuongea baina yao haikuwekwa na shirika la Bluetooth; kila mtengenezaji ana yake. Spika mbili zenye umbo moja na rangi moja lakini zenye namba tofauti ya modeli chini ya kitako zinaweza kukataana milele. Hata zenye namba moja, zikiwa zimetoka kiwandani katika nyakati tofauti na kutiwa programu tofauti ndani, huweza kugoma. Ndiyo maana kununua moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao ni bahati nasibu, hasa kwa majina yasiyojulikana.

Majina makubwa nayo yana ukuta wao. JBL, ambayo ndiyo inayotamaniwa zaidi, imebadilisha mfumo wake mara kadhaa. Flip 4, Charge 4 na Boombox ya kwanza hutumia mfumo uitwao Connect+. Flip 5, Flip 6 na Charge 5 hutumia PartyBoost. Flip 7 na Charge 6 zimehamia Auracast. Flip 4 na Flip 5 zinafanana kama mapacha ukiziweka mezani, lakini haziungani. Na Go 3 na Clip 4, zile ndogo zinazopendwa kwa bei yake, hazina PartyBoost kabisa. Mtu mwenye Charge 4 anayekwenda kuongeza Charge 5 ili apate kitu kipya zaidi anajinunulia tatizo. Tena kwa JBL kuna bandia nyingi. Spika ya kweli inayotumia mifumo hii huonekana ndani ya programu ya simu ya kampuni hiyo, JBL Portable, na humo ndimo unapochagua kama unataka zipige kwa mtindo wa sherehe au wa stereo.

Stereo au sauti kubwa?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji hawalielezi, nalo ndilo linaloharibu ibada na harusi nyingi hata pale spika zimeungana vizuri.

Wimbo wa stereo una pande mbili. Gita la kwanza linaweza kuwa upande wa kushoto, la pili upande wa kulia. Kwenye rekodi ya kwaya, sauti za wanawake zinaweza kuegemea upande mmoja na za wanaume mwingine. Ukiwa umekaa katikati ya spika mbili, meta mbili au tatu kutoka kila moja, hilo ni tamu. Lakini ukumbini nani amekaa katikati? Aliye kwenye benchi la kushoto, jirani na ukuta, anasikia upande mmoja wa wimbo na vipande tu vya ule mwingine. Ukumbi mkubwa unataka kila spika ipige wimbo wote.

Spika zenye programu nzuri hukuruhusu kuchagua. Za TWS za bei nafuu mara nyingi hazikuulizi: zikishaungana, moja inakuwa kushoto na nyingine kulia, kwisha. Dawa iko kwenye simu yenyewe, na haihitaji kununua chochote. Ingia kwenye mipangilio, tafuta "Accessibility", kwa Kifaransa "Accessibilité", na ndani yake utakuta "Mono audio" au "Audio mono". Iliwekwa kwa ajili ya watu wasiosikia kwa sikio moja. Ukiiwasha, simu inazichanganya pande mbili kuwa moja kabla ya kuzituma, na spika zote mbili zinapata kitu kilekile. iPhone nayo inao mpangilio huo chini ya "Accessibility", ndani ya "Audio/Visual".

Ukitaka kujua spika zako zinagawana au zinarudia, tumia kijiti cha mizani kilicho karibu na mpangilio huohuo wa mono, ukiwa umeizima mono kwanza. Kisukume chote kushoto. Spika moja ikinyamaza, zinagawana. Zote zikiendelea kuimba, zinarudia. Ukimaliza, kirudishe katikati. Wanaosahau hubaki wakidhani spika imekufa.

Tuchukue ukumbi mmoja

Tuseme ni ukumbi wa mbao wenye urefu wa meta 16 na upana wa meta 8, paa la bati, sakafu ya saruji, mabenchi kwa watu mia moja na hamsini hivi. Una spika mbili za modeli moja, zimeungana kwa TWS, mono imewashwa. Uziweke wapi?

Mazoea ni kuziweka zote mbele, pembe ya kushoto na pembe ya kulia, juu ya meza. Watu wa mbele wanazibwa masikio, wa nyuma wanauliza kimesemwa nini. Sababu ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Kutoka meta 2 hadi meta 16 umbali umeongezeka mara mbili, mara tatu mfululizo: 2, 4, 8, 16. Hizo ni desibeli 18. Ndani ya ukumbi upungufu ni mdogo kuliko huo kwa sababu kuta na bati hurudisha sauti, lakini sauti iliyorudishwa na bati haina maneno safi. Inasikika kama kelele.

Wengi hufikiri spika mbili ni sauti mara mbili. Sivyo. Spika ya pili inayofanana na ya kwanza huongeza takribani desibeli 3, na kwenye besi inaweza kufika 6 zikiwa zimewekwa karibu. Sikio la mtu linahitaji kama desibeli 10 ili liseme "sasa imekuwa mara mbili". Kwa hiyo ukizirundika mbele utasikia tofauti, lakini haitalingana na hela uliyotoa. Nguvu ya spika ya pili iko kwenye kuisogeza karibu na wale wasiosikia.

Basi weka ya kwanza mbele, na ya pili katikati ya ukumbi, meta 8 kutoka ya kwanza, kwenye ukuta wa pembeni. Zote mbili zielekee nyuma. Ziwe juu ya vichwa vya watu waliosimama, meta 2 au zaidi, kwenye rafu ya ubao iliyopigiliwa vizuri. Sasa aliye kwenye benchi la mwisho yuko meta 8 kutoka spika badala ya meta 16. Kwa hesabu ileile ya mahali pa wazi hizo ni desibeli 6 alizozipata bila kuongeza sauti hata nukta moja, na wa mbele hawateseki.

Lakini kuna mpaka, na mpaka huo ni mwendo wa sauti. Sauti husafiri karibu meta 343 kwa sekunde. Ile ya spika ya mbele inachukua takribani milisekunde 23 kufika meta 8, mahali ilipo spika ya pili. Mtu aliyekaa hapo anaisikia ya karibu kwanza, kisha ya mbele milisekunde 23 baadaye. Sikio halilioni pengo dogo kiasi hicho. Linaziunganisha zote kuwa sauti moja. Pengo likikaribia milisekunde 50, sikio linaanza kuzitenga, na maneno yanasikika mara mbili. Milisekunde 50 ni kama meta 17. Hii ina maana kwamba katika ukumbi wa meta 30, kuweka spika ya pili meta 18 au 20 kutoka ya kwanza kutazalisha mwangwi ambao hakuna kitufe cha kuuondoa kwenye spika za aina hii.

Kosa lingine la hapohapo ni kuzigeuza spika zitazamane, moja mbele na moja nyuma kabisa. Mtu wa benchi la kwanza atasikia ya mbele mara moja, na ya nyuma baada ya sauti kusafiri karibu meta 16, yaani milisekunde 47. Muziki wa dansi unaweza kuvumilika hivyo. Mahubiri au hotuba ya baba wa bibi harusi haitaeleweka.

Ujaribu ukumbi ukiwa mtupu, halafu usiamini ulichosikia. Ukumbi mtupu una mwangwi mwingi na huonekana una sauti kubwa. Watu wakijaa, nguo na miili yao humeza sauti, na utahitaji kuongeza. Acha nafasi: ukiwa mtupu, uridhike na sauti iliyo kwenye theluthi mbili hivi ya uwezo.

Miili ya watu pia humeza Bluetooth

Bluetooth husafiri kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na maji hunyonya masafa hayo. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Spika zilizoungana vizuri asubuhi ukumbi ukiwa wazi zinaweza kuanza kukatakata saa tano watu wakishajaa na kusimama. Hii ni sababu nyingine ya kuziweka juu, ili moja iione nyingine bila vichwa katikati.

Zikianza kukata, sikiliza ni ipi inayokata. Ikiwa zote mbili zinakata pamoja, kiungo kibovu ni kati ya simu na mkubwa: huenda mwenye simu ameiweka mfukoni na kutoka nje. Iweke simu karibu na mkubwa, mezani, na iachwe hapo. Ikiwa inayokata ni mdogo peke yake, kiungo kibovu ni kati ya spika na spika: zisogeze kutoka meta 8 hadi 6, au inua mdogo zaidi. Kuzima simu ya mkubwa na kuunganisha upya, kama wafanyavyo wengi kwa hofu mbele ya watu, hakusaidii lolote katika hali hii ya pili.

Na simu itakayocheza muziki iwekwe kwenye hali ya ndege, kisha Bluetooth iwashwe tena peke yake. La sivyo mlio wa ujumbe wa mtu utapigwa kwa spika mbili katikati ya sala.

Ukiwa na spika zisizofanana

Turudi kwa Samsung na "Dual audio". Inapotuma kwa spika mbili za kampuni tofauti, kila spika ina kasi yake ya kufungua muziki ulioupokea. Moja inaweza kuchelewa kuliko nyingine kwa makumi ya milisekunde, hata zaidi, na simu haiwezi kuzipatanisha kikamilifu. Zijaribu hivi: cheza rekodi ya mtu akipiga makofi moja moja, simama katikati kabisa ya spika mbili. Ukisikia "pa", ziko sawa. Ukisikia "pa-pa", usizipeleke ukumbini.

Hapo suluhisho bora, kwa maoni yangu, ni la kizamani: waya. Spika nyingi hizi zina tundu la AUX. Nunua kigawanyio cha waya chenye umbo la Y, kile kinachotoa tundu moja kuwa mawili, uchomeke kwenye tundu la visikilizio la simu, na waya mmoja uende kwa kila spika. Hakuna TWS, hakuna modeli, hakuna kuchelewa; JBL na ile isiyo na jina zitaimba pamoja sekunde hiyohiyo. Waya wa meta 10 unatosha kwa ukumbi wetu, upitishwe ukutani mbali na waya za umeme na jenereta ili usiokote mlio wa nguruma. Kama simu haina tundu la visikilizio, kuna kipokezi kidogo cha Bluetooth chenye tundu la sauti: simu inakitumia kipokezi hicho kimoja, na kutoka hapo waya wa Y unagawa. Kwa kuwa Bluetooth imepita mara moja tu, spika zote zinachelewa sawasawa. Usichofanya ni kuweka moja kwa waya na nyingine kwa Bluetooth, kwa sababu ya Bluetooth huweza kubaki nyuma kwa zaidi ya milisekunde 100.

Kuchelewa huko kwa Bluetooth hakumsumbui anayecheza muziki. Kunamsumbua anayeonyesha filamu ukumbini, midomo ikitangulia maneno. Anayetumia VLC anaweza kurekebisha sehemu ya "Audio delay" kwa kuweka namba hasi, kama -200 ms, na kupunguza au kuongeza hadi mlango unaogongwa ulie wakati mkono unaugusa.

Kabla ya kulipa

Ukiwa Birere au duka lolote la Goma, mwombe muuzaji afungue maboksi yote mawili na aziunganishe mbele yako, kwa mpangilio ule: spika kwanza, simu mwisho, na simu iwe yako. Linganisha namba za modeli chini ya vitako. Zikishaimba, zizime zote, ziwashe tena, uone kama zinakumbukana zenyewe au lazima uanze upya. Shika moja utembee hatua kumi. Dukani kukiwa na spika nyingine za aina hiyo zimewashwa, ziombe zizimwe, maana yako inaweza kuungana na ya rafuni na mkashangaa wote.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi zipime kwa betri. Tuseme boksi linasema wati 50, na betri ni ya mAh 1200 kwa volti 3.7. Zidisha: 1.2 mara 3.7 ni karibu 4.4, yaani wati 4.4 kwa saa moja. Kama kweli ingetoa wati 50 mfululizo, betri ingekwisha kwa dakika tano na kidogo. Kwa kuwa inaimba saa kadhaa, wati 50 hazipo. Saa za betri zilizoandikwa nazo hupimwa kwa sauti ya wastani. Ukumbini, sauti ikiwa juu, zitakuwa chache zaidi, na mkubwa, anayepokea na kutuma, anaweza kuisha mapema kuliko mdogo. Mkubwa akizimika, mdogo ananyamaza.

Muulize pia kuhusu maikrofoni, kama spika ina tundu lake. Kwenye spika nyingi zenye TWS, kinachopita kwenda kwa mdogo ni muziki wa Bluetooth tu. Sauti ya maikrofoni hubaki kwenye spika iliyochomekwa. Mwimbaji atasikika mbele na wimbo wake utasikika kote, na watu wa nyuma watabaki na ala bila maneno. Ijaribu palepale dukani: chomeka maikrofoni kwenye moja, sogeza sikio kwenye nyingine, useme neno.

Na mvua ikianza kupiga bati la Kalengera, punguza sauti usubiri ipite. Spika mbili za aina hii hazishindani na mvua, na kuzipandisha hadi mwisho kunazikwaruza tu na kumaliza betri ambayo utaihitaji ikishaacha.